Spredi ya puti: namba tatu zinazotoka kwenye bei moja

Ukifungua ukurasa wa opsheni kwa dalali wa soko la Marekani na kuchagua `Bull Put Spread`, skrini hukupa namba tatu papo hapo: fedha utakazopokea leo, uwezekano wa kupata faida, na hasara ya juu kabisa. Zimepangwa kana kwamba unaweza kuchagua kila moja kwa nafasi yake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anatafuta uwezekano mkubwa, kisha anatafuta hasara ndogo, halafu anashangaa kwa nini malipo yamekuwa ya vijisenti. Hakuna aliyempunja. Soko lilishaziunganisha namba hizo tatu kabla yeye hajafungua skrini.

Tuanze na biashara yenyewe. Opsheni ya puti humpa mnunuzi haki ya kuuza hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hata soko likiporomoka chini ya hapo. Anayemuuzia haki hiyo hupokea malipo leo, na kwa malipo hayo anakubali kuzinunua hisa hizo kwa bei ile ikibidi. Katika spredi hii unauza puti moja na wakati huohuo unanunua nyingine ya bei ya chini zaidi, yenye tarehe ileile ya kuisha. Ni kazi ya kampuni ya bima inayobeba hatari ya mteja, kisha inaikatia bima sehemu ya hatari hiyo kwa kampuni kubwa zaidi. Tofauti ya malipo inabaki mkononi mwako, na hasara inapata kikomo. Unafaidi soko likipanda, likitulia, na hata likishuka kidogo.

Tuchukue SPY, mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500 na ambao umekuwa ukiuzwa Marekani tangu 1993. Opsheni zake zina wanunuzi na wauzaji wengi sana, kwa hiyo bei zake hazina mapengo makubwa. Tuseme SPY iko dola 600 na zimebaki siku 45 kabla ya mkataba kuisha. Puti ya 570 inauzwa kwa 3.65, ya 565 kwa 2.95, ya 560 kwa 2.40 na ya 550 kwa 1.55. Bei hizi ni za mfano, lakini zina umbo unaloliona katika soko lisilo na taharuki.

Ukiuza ya 570 na kununua ya 565, unabaki na 0.70. Kwa kuwa mkataba mmoja ni hisa 100, hiyo ni dola 70. Upana wa spredi ni dola 5. Hesabu nzima ni hii:

```
faida ya juu   = malipo × 100
hasara ya juu  = (upana − malipo) × 100
mahali pa sare = bei ya puti uliyouza − malipo
```

Kwa hiyo faida ya juu ni dola 70, hasara ya juu ni dola 430, na mahali pa sare ni 569.30. SPY ikimaliza juu ya 570, dola 70 zote ni zako. Ikimaliza chini ya 565, umepoteza 430, na hata ikifika 500 hupotezi zaidi. Katikati ya bei hizo mbili hasara inakua dola moja kwa kila senti moja ya kushuka.

Sasa uwezekano. Wafanyabiashara wengi husoma delta ya puti wanayouza, yaani senti ambazo bei yake husogea hisa ikisogea dola moja, na kuichukulia kama makadirio ya uwezekano kwamba hisa zitamaliza chini ya bei hiyo. Katika mfano wetu puti ya 570 ina delta ya takriban 18, kwa hiyo husemwa kwamba una asilimia 82 ya kumaliza salama. Namba anayokuonyesha dalali chini ya jina la uwezekano wa faida hukokotolewa kwa njia inayofanana, na hapa itaangukia karibu na 81 au 82.

Weka namba hiyo kwenye mizani. Tuseme kila ukishindwa unapoteza zote 430. Katika biashara 100, mara 82 unapata dola 70, jumla 5,740. Mara 18 unapoteza dola 430, jumla 7,740. Umekwisha na upungufu wa dola 2,000, yaani dola 20 kwa kila biashara, nawe unajisifu kwamba unashinda mara nne katika tano.

Je, basi spredi hii ni mbaya? La. Kuna namba nyingine iliyojificha kwenye bei yenyewe, nayo ina maana kubwa kuliko delta. Gawa malipo kwa upana: 0.70 kwa 5 ni asilimia 14. Hiyo ndiyo kauli ya soko kuhusu uwezekano wa SPY kumaliza chini ya eneo la katikati ya 570 na 565. Upande wa pili wake ni asilimia 86, na ukizidisha utaona mambo yanasawazika: mara 86 kwa dola 70 ni 6,020, na mara 14 kwa dola 430 ni 6,020 vilevile. Bei ya spredi ni ya haki kwa 86.

Tofauti kati ya 82 na 86 inatoka wapi? Kwanza, kushindwa hakumaanishi kupoteza zote 430 kila mara, kwani kuna siku utaishia katikati. Pili, na hili lina uzito zaidi, puti za bei ya chini huuzwa ghali kwa kiasi chake kwa sababu mifuko mikubwa huzinunua kama kinga ya anguko. Wewe unauza ya 570 lakini unanunua ya 565, ambayo imebeba ughali huo zaidi kidogo. Delta haikuambii hilo, ila bei ya spredi imeshalihesabu. Ndiyo maana napendekeza namba ya dalali itazamwe kwa jicho moja tu. Swali la kujiuliza ni kama kweli unaamini SPY itamaliza juu ya eneo hilo zaidi ya mara 86 katika 100. Ukiamini itakuwa 86 kamili, unafanya kazi bure na kumlipa dalali ada.

Faida ya muuzaji, kama ipo, inatoka mahali pamoja: kwa wastani wa miaka mingi, mtikisiko uliobebwa na bei za opsheni za S&P 500 umekuwa mkubwa kuliko mtikisiko uliotokea baadaye. Watu hulipia kinga zaidi ya thamani yake. Lakini pengo hilo ni jembamba, na kuna miezi ambayo hugeuka vibaya.

Unaweza kusogeza spredi nzima juu au chini bila kubadilisha upana. Katika soko hilihili, spredi ya 590 na 585 ingekupa kama 1.40. Faida dola 140, hasara dola 360, na kizingiti chako, yaani kiwango cha ushindi kinachosawazisha hesabu, ni asilimia 72. Ukienda mbali, ukauza 550 na kununua 545, unapata kama 0.30: faida dola 30, hasara dola 470, na kizingiti ni 94. Skrini ya dalali itaipaka hii ya mwisho rangi ya kijani yenye kuvutia, kwa kuwa uwezekano wake ni zaidi ya asilimia 90. Lakini hasara moja inakula ushindi wa karibu mara 16. Halafu kuna ada. Tukichukua senti 65 kwa mkataba, kufungua na kufunga spredi moja ni dola 2.60. Kwenye malipo ya dola 140 hizo hazionekani, ila kwenye dola 30 umeshatoa karibu asilimia 9 kabla soko halijasema neno. Nami naona eneo la delta 15 hadi 30 ndipo hesabu hii inapumua. Chini ya hapo, ada na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ndivyo vinavyofaidi.

Tuje kwenye upana, ambao ndio hueleweka vibaya zaidi. Wengi huchukulia upana mdogo kuwa ni tahadhari. Hesabu haikubaliani nao.

Tuseme una akaunti ya dola 30,000 na umeamua kwamba biashara moja isikuletee hasara ya zaidi ya asilimia 3, yaani dola 900. Kwa fedha hizo unaweza kuchukua spredi mbili za 570 na 565, au moja ya 570 na 560. Mbili nyembamba zinakupa malipo ya dola 140 na hasara ya juu ya dola 860. Moja pana inatoa 3.65 kutoa 2.40, yaani dola 125, na hasara ya juu ni dola 875. Hatari inakaribia kulingana, na nyembamba zinalipa dola 15 zaidi. Mtu wa haraka atachagua nyembamba.

Sasa tazama yanayotokea soko likishuka kwa kiasi. Tuseme siku ya mwisho SPY iko 567. Kila spredi nyembamba imepoteza 2.30, kwa hiyo mbili zimepoteza dola 460. Ile pana imepoteza 1.75, yaani dola 175. SPY ikiwa 565, nyembamba zimeshapoteza kila kitu, dola 860, ilhali pana imepoteza dola 375. Inabidi SPY ifike karibu na 560 ndipo hasara zilingane. Hizo dola 15 za ziada ni malipo ya kukubali kuangamia haraka zaidi, na ada ya mikataba ya ziada imeshamega dola 2.60 kati yake.

Hii haimaanishi pana ni bora kila wakati. Panua hadi 550 na utapokea 2.10 kwa upana wa 20: faida dola 210, hasara dola 1,790. Malipo yakigawanywa kwa upana yameshuka hadi asilimia 10.5, kwa kuwa kila dola ya upana unayoongeza chini iko mbali zaidi na soko linailipia kidogo zaidi. Tena kwa akaunti yetu biashara hiyo moja ni karibu asilimia 6, mara mbili ya kikomo. Upana, kwa hiyo, huamua namna hasara itakavyokufikia. Nyembamba inakaribia kuwa ya yote au hakuna. Pana hukupa ngazi ya kushukia polepole, na muda wa kufikiri.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa maamuzi unaonielekea ni kinyume cha ule wa skrini. Anza na hasara: andika kiasi cha dola usichoweza kulala ukikipoteza, na uchukue kidogo kuliko hicho. Kisha chagua bei ya puti ya kuuza kulingana na unavyoliona soko. Mwisho kabisa tafuta upana mkubwa zaidi unaoingia kwenye kiasi hicho kwa mkataba mmoja, kabla ya kufikiria kuzidisha mikataba. Malipo yatakayotoka ndiyo hayo. Yakikuonekea madogo, dawa yake ni kuiacha biashara, kwa maana kusogea juu ili kulazimisha malipo ni kubadilisha dau zima.

Kiasi hicho kihesabiwe kwa jumla, si kwa spredi mojamoja. Mwenye spredi tano kwenye hisa tano za kampuni kubwa za Marekani anadhani ametawanya hatari. Tarehe 19 Februari 2020 S&P 500 ilifunga kileleni. Kufikia tarehe 28 mwezi huohuo ilikuwa imeshuka zaidi ya asilimia 12. Spredi iliyouzwa asilimia 5 chini ya kilele ilikuwa imeshapitwa kabisa, iwe nyembamba au ya dola 10, iwe ya SPY au ya hisa moja iliyoanguka pamoja na soko. Siku kama hizo uwezekano wa asilimia 86 mara tano ni uwezekano mmoja tu, na hasara tano zinafika kwa pamoja.

Je, hasara ya juu ni ya juu kweli? Kwa SPY, ni kweli maadamu puti zote mbili ziko hai. Opsheni zake ni za aina inayoweza kutekelezwa siku yoyote, na huishia kwa kukabidhiana hisa zenyewe. Ukikabidhiwa hisa mapema, si janga: puti yako ya chini bado inakulinda, ingawa akaunti itaonyesha umenunua hisa za dola 57,000 na dalali anaweza kukutaka uongeze dhamana. Hatari halisi iko jioni ya siku ya mwisho, bei ikifunga katikati.

Chukua Ijumaa SPY imefunga 567. Puti ya 570 uliyouza inatekelezwa, nawe unajikuta na hisa 100 ulizonunua kwa 570. Puti ya 565 haina thamani na imekwisha. Hadi hapo hasara ni dola 230. Lakini sasa huna kinga. Jumatatu SPY ikifungua 555, umepoteza dola 1,200 nyingine, jumla 1,430, zaidi ya mara tatu ya ile namba iliyoandikwa kwenye skrini kama hasara ya juu.

Kuna la kuudhi zaidi. Mwenye puti ana hadi saa 11:30 jioni ya New York kuamua kama atatekeleza, ingawa soko la hisa limefungwa saa 10. SPY inaweza kufunga 570.40, ukaenda kulala ukijua umepona, kisha habari mbaya ikatoka baada ya kufungwa na mtu akatekeleza. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, muda huo wa mwisho ni saa sita na nusu usiku wakati wa majira ya joto ya Marekani, na saa saba na nusu wakati wa baridi yao. Madalali wengi hawasubiri: wakiona akaunti haiwezi kubeba hisa za dola 57,000, hukufungia spredi mchana wa siku ya mwisho kwa bei yoyote wanayoikuta. Suluhisho ni kufunga mwenyewe mapema, au kutumia XSP, opsheni za fahirisi zenye ukubwa unaokaribia wa SPY. Hizo hutekelezwa siku ya mwisho tu na hulipwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo hakuna hisa za kuangukiwa nazo. Wanunuzi wake ni wachache kuliko wa SPY, na utalipia hilo kwa senti kadhaa za pengo la bei.

Kufunga mapema nako kunabadilisha namba zote, jambo ambalo wanaolipendekeza hawalisemi. Kuna mazoea ya kununua tena spredi ikifika nusu ya malipo, hapa 0.35, na kuondoka na dola 35. Ukifanya hivyo kwenye ushindi, lakini ukaacha hasara zifike 430, kizingiti chako kinapanda kutoka 86 hadi karibu asilimia 92.5. Ukiamua pia kukata hasara ikifika dola 140, yaani spredi ikiwa inauzwa 2.10, kizingiti kinashuka hadi 80. Ila sasa unashindwa mara nyingi zaidi. Spredi hufika 2.10 takriban SPY inapogusa 570, na uwezekano wa kuigusa bei wakati wowote kabla ya mwisho ni kama mara mbili ya uwezekano wa kumaliza chini yake. Kwa delta ya 18, ni karibu mara moja katika tatu. Biashara nyingi ambazo zingepona utakuwa umeshazikata.

Na kikomo cha 140 ni cha saa za soko tu. Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024 soko la Marekani lilifungua chini kwa kishindo, na S&P 500 ikamaliza siku imeshuka asilimia 3. Asubuhi kama ile, agizo la kukata hasara lililowekwa Ijumaa kwa bei ya soko linatekelezwa dakika za kwanza, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza likiwa pana kuliko siku yoyote ya kawaida, na spredi iliyostahili 2.50 inaweza kununuliwa kwa 3.50. Agizo la kufunga spredi liwekwe kwa bei yenye kikomo, na asubuhi ya namna hiyo lisubiri nusu saa ya kwanza ipite. Mwenye hasara ya juu inayolingana na kiasi alichokiandika tangu mwanzo anaweza kusubiri hivyo. Aliyechukua mikataba mitano akitegemea agizo la kukata hasara hana nafasi hiyo.